Bikaboneti Ikikaribia Kawaida, Hesabu Pengo

Chukua msichana mwenye kisukari aliyekosa insulini na kutapika siku mbili mfululizo. Anapofika hospitali, sukari iko juu sana na anahema kwa nguvu. Maabara inarudisha majibu: sodiamu 138, kloraidi 88, bikaboneti 20, zote kwa milimoli kwa lita. Bikaboneti ya kawaida ni kama 24, kwa hiyo 20 haimshtui mtu. Hapo ndipo hatari ilipojificha.

Katika damu, chaji chanya na chaji hasi lazima zilingane. Sodiamu ndiyo chanya kubwa. Kloraidi na bikaboneti ndizo hasi kubwa tunazopima. Ukizitoa hizo mbili kwenye sodiamu, kinachobaki ni pengo la anayoni, yaani hasi ambazo hazikupimwa. Kwa kawaida pengo hilo ni kama 12, ingawa mashine nyingi za siku hizi hutoa chini kidogo.

Kwa msichana huyu: 138 − (88 + 20) = 30.

Pengo limezidi kwa 18. Mwili usiokuwa na insulini huchoma mafuta na kutengeneza asidi za ketoni, na mabaki yake ndiyo yanayojaza pengo. Hesabu hii hutumia sodiamu kama ilivyopimwa, bila kuirekebisha kwa ajili ya sukari. Albumini nayo iangaliwe, maana ni sehemu ya hasi zisizopimwa: ikishuka kwa gramu 10 kwa lita chini ya 40, ongeza 2.5 kwenye pengo. Kwa mgonjwa aliyedhoofu kwa utapiamlo, pengo linaloonekana la kawaida huenda si la kawaida hata kidogo.

Sasa swali la pili. Kila asidi inayoingia hula bikaboneti, karibu moja kwa moja. Pengo likipanda 18, bikaboneti ingeshuka 18 hivi, kutoka 24 hadi 6. Yake imeshuka 4 tu. Tofauti ya mabadiliko hayo mawili, 18 − 4 = 14, ndiyo pengo la delta. Kwa kuwa hesabu yenyewe ni ya makadirio, tofauti ndogo hupuuzwa; ikivuka 6 huashiria alkali ya ziada. Hapa chanzo ni matapishi: tumbo limemwaga asidi na kloraidi, bikaboneti ikabaki nyuma. Kloraidi ya 88 inathibitisha.

Jibu likiwa hasi, chini ya −6, bikaboneti imeshuka kuliko pengo linavyoeleza, kama kwa anayeharisha pia.

Msichana anahitaji maji, insulini na potasiamu inayofuatiliwa kwa karibu. Kesho yake majibu yanaweza kuwa sodiamu 140, kloraidi 112, bikaboneti 17. Bikaboneti imeshuka zaidi, lakini pengo ni 11: ketoni zimekwisha, na upungufu uliobaki unatokana na kloraidi ya maji ya chumvi aliyotundikiwa. Figo zitaurekebisha taratibu.