o ndogo na O kubwa: kazi ya herufi moja kwenye hesabu za limiti

Hesabu hii huwasumbua wengi wanaoanza kalkulasi. Tafuta limiti ya (tan x − sin x)/x³, x inapokaribia sifuri. Mwanafunzi anakumbuka alichofundishwa: pembe ikiwa ndogo sana, na ikipimwa kwa radiani, sin x ni kama x, na tan x nayo ni kama x. Anaweka x badala ya kila moja, anatoa, anapata sifuri juu ya mstari, kisha anaandika jibu: 0.

Jibu hilo si sahihi, na kikokotoo kinalikataa papo hapo. Weka x = 0.1. Tan yake ni 0.1003347, sin yake ni 0.0998334, tofauti yao ni 0.0005013. Gawa kwa 0.001, utapata 0.5013. Ukishuka hadi x = 0.01, unapata 0.5000125. Namba zinaelekea nusu, wala hazina dalili ya kwenda sifuri.

Kosa limejificha ndani ya neno “kama”. Sin x ni kama x kwa kiasi gani? Alama mbili za wanahisabati wa Kijerumani zinajibu swali hilo. O kubwa ilitumiwa na Paul Bachmann katika kitabu chake cha mwaka 1894, na o ndogo ikaongezwa na Edmund Landau mwaka 1909.

Tukiandika f = o(g) karibu na sifuri, tunasema kwamba f ukiigawa kwa g, jibu linakwenda sifuri: f inapungua haraka kuliko g. Tukiandika f = O(g), dai letu ni dogo zaidi: karibu na sifuri, ukubwa wa f hauzidi ukubwa wa g mara namba fulani isiyobadilika. Wanaozijua alama hizi kutoka kwenye kompyuta, ambako namba zinakua bila mwisho, waangalie hapa: karibu na sifuri mambo hugeuka. Huko x³ huishinda x kwa ukubwa. Hapa x³ ni o(x), kwa sababu x³/x ni x², nayo inakwenda sifuri.

Sasa turudi kwa mwanafunzi wetu. Alichokuwa na haki ya kuandika ni sin x = x + o(x) na tan x = x + o(x). Akitoa, x zinafutana. Lakini o(x) kutoa o(x) si sifuri! Alama hiyo si jina la namba moja. Ni jina la kundi zima la mabaki yanayopungua haraka kuliko x, na mabaki ya tan si yale ya sin. Kinachobaki ni o(x) tu, na o(x) iliyogawiwa kwa x³ yaweza kuwa chochote: sifuri, nusu, hata kitu kinachokua bila mpaka. Hoja imekatikia hapo.

Akiwa makini zaidi angeandika x + O(x³) kwa zote mbili. Tofauti ingekuwa O(x³), na baada ya kugawa angebaki na O(1), yaani kitu ambacho hakiwezi kukua bila mpaka. Hiyo ni habari ya kweli, ila haitaji jibu. Kwa hiyo inabidi kwenda hatua moja mbele:

sin x = x − x³/6 + o(x³)
tan x = x + x³/3 + o(x³)

Tukitoa, x zinafutana kwa haki, theluthi na sehemu ya sita zinajumlishwa kuwa nusu, na tunapata x³/2 + o(x³). Gawa kwa x³: 1/2 + o(1). Na o(1) maana yake ni kitu kinachokwenda sifuri. Limiti ni nusu, na hoja imekamilika.

O kubwa inatupa kitu cha ziada ambacho mimi nakithamini sana. Mabaki ya kila mstari hapo juu kwa kweli ni O(x⁵), kwa hiyo jibu letu ni 1/2 + O(x²). Hiyo inatuambia na mwendo pia: x ikipungua mara kumi, kosa hupungua takriban mara mia. Tazama tena namba za kikokotoo. Kwa 0.1 tulikosea kwa karibu 0.0013, kwa 0.01 tulikosea kwa 0.0000125.

Jihadhari tu na alama ya usawa, maana husomwa upande mmoja. x³ = o(x) ni kweli, na x² = o(x) pia ni kweli, lakini huwezi kuhitimisha kwamba x³ = x².

Ukitaka kujipima, chukua (x − sin x)/x³ na uandike mabaki yote bila kuruka hata moja. Jibu ni 1/6.