Mapambo ya ukumbi wageni wanapokuwa wa dini mbalimbali

Katika mtaa wa Nyamirambo jijini Kigali, ambako Waislamu na Wakristo wameishi jirani kwa miaka mingi, si ajabu familia moja kuwa na shangazi anayevaa hijabu na mjomba anayeimba kwaya. Familia kama hiyo inapomwandalia sherehe kijana aliyehitimu chuo kikuu, jambo la kwanza la kutazamwa si rangi ya maputo, bali ukumbi wenyewe.

Tuchukue mfano wa ukumbi uliokodiwa kutoka parokia, wenye msalaba ukutani juu ya jukwaa. Wengi hukimbilia kuufunika kwa kitambaa, wakidhani wanawastahi wageni Waislamu. Lakini Wakatoliki huifunika misalaba mwishoni mwa Kwaresima, kuelekea Ijumaa Kuu. Hivyo msalaba uliofunikwa katikati ya shangwe huwakumbusha huzuni, na mwenye ukumbi naye huenda akaona amevunjiwa heshima. Wengine hutundika mwezi na nyota kando yake ili kusawazisha. Hapo ndipo wageni huanza kupima kipi kiko juu na kipi ni kikubwa, na Mhindu aliyealikwa hana chake ukutani.

Njia iliyo bora ni kuugeuza ukumbi. Meza kuu ihamishiwe ukuta wa ubavuni, nyuma yake litundikwe pazia la kitenge, na viti vyote vielekezwe huko. Msalaba utabaki mahali pake bila kuonekana nyuma ya mhitimu katika kila picha. Kabla wageni hawajafika, mpambaji aketi katika kila pembe aone macho yanatua wapi.

Sherehe ikivuka saa za swala, chumba kidogo cha pembeni kitengwe. Kutoka Kigali, kibla ni upande wa kaskazini, kwa kuelekea mashariki kidogo. Ukuta wa upande huo uachwe wazi, bila picha ya mtu wala kioo. Mikeka safi itandikwe, na maji ya udhu yawe karibu.

Mezani, vikapu vya agaseke vyenye maua vinatosha, kwa kuwa kila mgeni anavijua tangu nyumbani kwao. Chupa tupu za mvinyo zilizogeuzwa vyombo vya maua ziepukwe: hata zikioshwa, Mwislamu na Msabato wataitambua chupa. Aya za Kurani au Biblia nazo zisichapishwe kwenye karatasi za kupangusia mikono, ambazo mwisho wake ni jalalani.

Limebaki suala la siku, maana wanaopamba huwa ni ndugu wenyewe. Ijumaa adhuhuri Waislamu wako msikitini, na jua likizama siku hiyo Wasabato huacha kazi hadi Jumamosi jioni. Kwa sherehe ya Jumapili, pazia na taa zifungwe Alhamisi, na maua mabichi yapangwe Jumamosi usiku.