Asilimia tano ya dalali inakwenda wapi

Ukimuuliza mwenye nyumba wa Dar es Salaam kwa nini kamisheni ya dalali inamuuma, mara nyingi haanzi na asilimia. Anaanza na kazi aliyoiona kwa macho yake: "Alikuja na simu, akapiga picha, akaleta watu mara mbili tatu. Kwa hilo tu nimpe milioni sita?" Swali ni la haki, na dalali anayelijibu kwa "ndiyo desturi, mama" hajajibu kitu. Ni kweli kwamba asilimia tano imezoeleka katika kuuza nyumba, na kwenye viwanja utasikia hata kumi. Lakini hayo ni mapatano, kama bei ya nyumba yenyewe ilivyo mapatano, na anayeidai hela hiyo anapaswa kuweza kuifungua mezani.

Tuifungue basi. Tuseme nyumba iko Kimara, ina vyumba vitatu na hati safi. Mama mwenye nyumba anatangaza milioni 130, mnunuzi anaanza na 105, na baada ya kuvutana wanakutana kwenye 120. Asilimia tano ya hapo ni milioni sita.

Cha kwanza ambacho mama hakioni ni kwamba dalali aliyekaa sebuleni kwake si yule aliyempata mnunuzi. Huo ndio mwendo wa kazi hii: mmoja ana nyumba, mwingine ana mteja, na wakikutana wanagawana, mara nyingi nusu kwa nusu. Milioni tatu imeshaondoka. Kwenye tatu iliyobaki kuna kijana wa mtaani aliyekaa na funguo, kuna nauli, kuna matangazo ya kulipia mtandaoni. Kuna pia wale waliokuja kuangalia tu, kwani kwa mnunuzi mmoja wa kweli hupita wengi wanaopima zulia kwa macho na kuondoka na ahadi ya kupiga simu. Tena dalali hulipwa pale tu nyumba inapouzwa. Kama ana nyumba kumi mkononi na mwaka ukaisha ameuza tatu, hizo tatu ndizo zilizolipia nauli na siku za zile saba. Kwa hiyo mama anailipia pia nyumba ya jirani ambayo haikuuzwa. Anaweza kuona si haki, lakini njia nyingine ni kulipa kwa siku, iuzwe isiuzwe, na sijaona mwenye nyumba aliyeitaka.

Ipo na kazi isiyopigwa picha. Dalali mzuri huuliza mapema kama jina lililo kwenye hati ni la muuzaji au la marehemu baba yake, maana mirathi isiyofunguliwa huua biashara mnunuzi akiwa tayari na hela. Huuliza kama mwenzi wa ndoa ameridhia kwa maandishi, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inailinda nyumba ya familia isiuzwe na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Humchuja pia mnunuzi: hela iko benki, au inangoja mkopo ambao haujaombwa? Dalali asiyeuliza lolote kati ya hayo hajaifikia asilimia tano, na hapo mama ana haki ya kushusha.

Wengi wakishindwa kupatana hukimbilia njia inayoonekana rahisi. Mama anasema, "Mimi nataka milioni 110 mkononi. Utakachopata juu yake ni chako." Hicho ndicho cha juu, na ndicho udalali ghali kuliko wote. Dalali akiuza 125 amejichukulia milioni 15, yaani asilimia 12 ya bei, na mama anarudi nyumbani akiamini hakulipa kamisheni. Akija mnunuzi wa 115, huenda mama asimsikie kamwe, kwa sababu kwa bei hiyo dalali anapata milioni tano tu, naye anamngoja wa 125.

Halafu inakuja siku ya mkataba. Wakiandika 125, mama anahesabiwa kodi ya ongezeko la mtaji kwa hela ambayo haikuingia mfukoni mwake. Wakiandika 110, wamesaini uongo, na thamani ya nyumba ikikaguliwa uongo huo utajulikana. Kwa anayehesabu faida yake kwa nyaraka, kodi hiyo ni asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa Tanzania, na gharama za kuuza, kamisheni ikiwemo, huingia kwenye hesabu ya gharama. Kamisheni ya milioni sita yenye risiti inaweza kumpunguzia laki sita za kodi. Cha juu hakina risiti.

Kama mama aliruhusu cha juu kwa kinywa chake, amejifunga. Ila dalali akijiongezea kwa siri, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iko upande wa mama: wakala akifanya biashara ya aliyemtuma kwa faida yake mwenyewe bila huyo kujua, aliyemtuma anaweza kuidai faida hiyo. Dalili za siri hiyo hazijifichi. Dalali hataki muuzaji na mnunuzi wakutane, kila ujumbe unapita kwake, na bei iliyo kwenye tangazo si ile aliyokutajia.

Asilimia tano nayo ina udhaifu ambao madalali hawapendi kuutaja. Bei ikipanda kutoka 120 hadi 125, mama anaongeza milioni tano, lakini kamisheni inaongezeka 250,000 tu, na dalali akigawana na mwenzake anabaki na 125,000. Kwa hela hiyo nani atangoje mwezi mwingine? Ndiyo maana utamsikia akisema, "Mama, chukua hii, soko limelala." Mwaka 2008 wachumi Steven Levitt na Chad Syverson walichapisha utafiti wa karibu nyumba 100,000 zilizouzwa Marekani. Mawakala walipouza nyumba zao wenyewe walipata takriban asilimia 3.7 zaidi kuliko walipowauzia wateja, na waliziacha sokoni siku tisa na nusu zaidi. Walijua kungoja, ilipokuwa hela yao.

Kwa hiyo anayeona asilimia tano ni kubwa asibishane na namba hiyo peke yake. Abadilishe umbo lake. Mama anaweza kutoa asilimia tatu kwa milioni 110 za kwanza, kisha asilimia 20 ya kila kinachozidi hapo. Nyumba ikiuzwa 115 analipa milioni 4.3, badala ya 5.75. Ikiuzwa 120 analipa 5.3, badala ya sita. Ikifika 130 analipa 7.3, zaidi ya 6.5 ya asilimia tano, lakini naye amepata bei aliyoitangaza. Kila milioni ya juu sasa inampa dalali laki mbili, siyo elfu hamsini, na mnunuzi wa 125 anakuwa mtu wa kungojwa. Tofauti na cha juu, bei iko wazi kwa wote na mkataba unaandika hela ileile iliyolipwa.

Hayo yaandikwe kabla picha ya kwanza haijapigwa, pamoja na lini hela inatoka. Mnunuzi akilipa kwa awamu, kamisheni nayo ifuate awamu. Asiilipe yote siku ya malipo ya kwanza, maana mauzo yakivunjika kuirudisha ni kesi. Dalali naye ana hofu yake, ya kuzungukwa: mteja anaonyeshwa nyumba Jumamosi, Jumatatu anarudi peke yake kumwambia mama wamalizane wawili. Dawa yake ni orodha. Kila anayeletwa anaandikwa jina na tarehe, mama anasaini, na aliyemo akinunua ndani ya miezi mitatu au minne, kamisheni inalipwa hata kama siku ya kusaini dalali hakuwepo. Asiyekuwemo akija kwa miguu yake mwenyewe, mama hadaiwi kitu.