Zamu ya Usiku na Ahadi Mbili za Kanzidata

Hospitali ina sharti moja: usiku lazima abaki angalau daktari mmoja wa zamu. Dokta Asha na Dokta Juma wamepangwa usiku wa leo, na wote wawili wanaumwa. Saa 2:00 kila mmoja anashika simu yake na kuomba kujiondoa. Programu inahesabu waliopo, inakuta wawili, inaridhika, kisha inafuta jina la aliyeomba. Kwa kuwa maombi yote mawili yalihesabu kabla ya lolote kufuta, dakika moja baadaye wodi haina daktari.

Mfano huu wataalamu wa kanzidata wanaujua vizuri. Kinachoshangaza ni kwamba ukikagua hatua moja moja, huoni kosa. Kila aliyesoma alipata taarifa iliyokuwa kweli kwa wakati ule, na kila kilichoandikwa kilishika papo hapo. Hiyo ndiyo linearizabiliti, ambayo Maurice Herlihy na Jeannette Wing waliifafanua kwa kina mwaka 1990. Inadai kwamba kila tendo juu ya kitu kimoja lionekane limetokea kwa mkupuo mmoja, mahali fulani kati ya kuanza kwake na kumalizika kwake. Likishamalizika, yeyote anayesoma baada ya hapo lazima aone matokeo yake.

Kilichokosekana wodini ni serializabiliti. Yenyewe hutazama muamala mzima, yaani kuhesabu na kufuta kwa pamoja. Miamala inaweza kupishana itakavyo, ila matokeo yake lazima yalingane na ya miamala iliyokwenda mmoja baada ya mwingine. Asha akitangulia, Juma atahesabu daktari mmoja na kukataliwa. Juma akitangulia, atakayekataliwa ni Asha. Hakuna mpangilio unaoacha wodi tupu, kwa hiyo kilichotokea saa 2:00 hakikubaliki.

PostgreSQL tangu toleo la 9.1, la mwaka 2011, hulinasa kosa hili miamala yote miwili ikiendeshwa kwa kiwango cha `SERIALIZABLE`. Mmoja hupita, mwingine hurudishwa na ujumbe huu:

```
ERROR: could not serialize access due to read/write dependencies among transactions
```

Programu inatakiwa kuurudia muamala uliokataliwa. Safari hii itahesabu daktari mmoja, na Juma atabaki kazini.

Sasa tuchukue mfumo mwingine, wenye serializabiliti peke yake, ambao data yake imenakiliwa kwenye seva kadhaa. Asha amejiondoa saa 2:00 na simu yake imethibitisha. Saa 2:05 muuguzi mkuu anafungua orodha, na ombi lake linajibiwa na seva iliyochelewa kupokea mabadiliko. Anamkuta Asha bado yupo, anampigia, na Asha anashangaa.

Je, mfumo umevunja ahadi? Hapana. Upo mpangilio unaoeleza yote: muuguzi alisoma kwanza, Asha akajiondoa baadaye. Kwamba saa ya ukutani inasema kinyume, serializabiliti haijali. Inachotaka ni kuwepo kwa mpangilio mmoja, wowote ule. Linearizabiliti ndiyo inayofungwa na saa, na ndiyo ambayo ingemkataza muuguzi kuona orodha iliyopitwa na wakati.

Kuzichanganya kuna sababu. Zote mbili huelezwa kwa maneno yaleyale, kwamba mambo yaonekane yamefuatana, na aliyeelezwa hivyo hasikii tofauti. Zaidi ya hapo, kwa miaka mingi kanzidata ilikaa kwenye seva moja na kulinda miamala kwa kufuli zilizoshikiliwa hadi muamala uishe. Mpango huo hutoa ahadi zote mbili kwa mpigo, hivyo mwandishi wa programu hakuwa na sababu ya kuuliza ipi ni ipi. Nakala ziliposambazwa kwenye seva nyingi ndipo ahadi hizo zilipoachana.

Anayezihitaji pamoja hutafuta serializabiliti kali: mpangilio wa miamala uwepo, na ufuate saa. Spanner ya Google, iliyoelezwa hadharani mwaka 2012, hutoa hilo kwa kutegemea saa za atomiki na GPS. Kwa kuwa hata saa hizo hazilingani kabisa, muamala unaoandika husubiri milisekunde chache kabla ya kuthibitishwa, hadi mfumo uwe na hakika kwamba muda wake umepita kila mahali. CockroachDB ilichagua kutosubiri hivyo kwa kila muamala. Hutoa serializabiliti, na anayesoma rekodi moja hupata thamani yake ya karibuni. Lakini miamala miwili isiyogusa rekodi zilezile inaweza, mara chache, kuonekana kwa msomaji kana kwamba wa pili ulitangulia wa kwanza.