Meza Inayopumua

Meza ya mtiki iliyotengenezwa Tanga inaweza kufika Dodoma ikiwa imenyooka, kisha baada ya kiangazi kimoja ikawa na ufa mrefu katikati. Mara nyingi mwenye meza hulaumu mbao. Ukichunguza vichwani, hata hivyo, utakuta ubao uliokingamishwa na kugandishwa gundi mwanzo hadi mwisho.

Ubao huo una kazi yake. Uso wa meza uliounganishwa kwa mbao kadhaa hupenda kukunjama, na ubao wa kukingama huuzuia. Tatizo ni kwamba mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana, huku urefu wake ukibadilika kidogo mno. Uso wa mtiki wenye upana wa milimita 900, unyevu wake ukishuka kutoka asilimia 13 hadi 9, unaweza kupungua milimita 5 hadi 7. Ubao wa kichwani, ambao nyuzi zake zimelala upande huo huo wa milimita 900, haupungui. Gundi ikivishika vyote viwili, mbao itapasuka.

Fundi anayejua huunganisha bila kufunga. Kwa uso wenye unene wa milimita 30, huchonga ulimi wa milimita 10 katikati ya unene, kisha huuacha mfupi, isipokuwa sehemu tatu zinazochomoza kama milimita 50: moja katikati na mbili karibu na pembe. Ubao wa kichwani hutobolewa matundu matatu ya kuzipokea, yakiunganishwa na mfereji mwembamba.

Siri iko kwenye matundu hayo. La katikati hubana ulimi wake, nalo pekee hutiwa gundi. Yale ya pembeni huongezwa milimita 4 kila upande, ili ndimi zipate pa kusogea.

Kisha huja pini za mti. Tundu la pini kwenye ubao wa kichwani ni la mviringo, lakini kwenye ndimi za pembeni hurefushwa kwa tupa, milimita 3 kila upande, kufuata upana wa meza. Kosa la kawaida ni kulirefusha kuelekea urefu wa meza. Hapo ubao huachia na mwanya huonekana. Pini nazo hupakwa gundi nchani tu, chini kabisa, isije ikashika ulimi.

Meza iliyofungwa hivi haitakuwa na kingo zilizolingana mwaka mzima. Kiangazi, ubao wa kichwani hujitokeza milimita mbili au tatu kila upande; masika, uso ndio unaozidi. Wateja wengine huja na malalamiko, na kuna mafundi wanaokubali kuikata ncha hiyo kwa randa. Mvua zikirudi, uso hutanuka na kuupita ubao uliofupishwa.

Mbao mbichi haiokolewi na ufundi huu. Ikisinyaa milimita 20, pini zitagonga ukingo wa tundu mapema, na ufa utatokea vilevile.