Picha ya Kadi Ipo, Malipo Hayaendi

Kadi imeshaingia kwenye simu. Picha yake inaonekana, rangi ni ya benki yako na tarakimu nne za mwisho ni zilezile. Unafika dukani, unaisogeza simu kwenye mashine ya kulipia, na hakuna kinachotokea. Kwa kawaida lawama huangukia simu au mashine ya muuzaji. Lakini ikiwa kadi ndiyo kwanza imeongezwa, pa kuanzia kutazama ni ile siku ulipoiingiza, ukiwa umekaa nyumbani.

Apple Pay na Google Wallet hazimpi muuzaji namba iliyochapwa kwenye kadi yako. Unapoongeza kadi, simu hupeleka taarifa zake kwa mtandao wa kadi, yaani Visa, Mastercard au mwingine, na mtandao huo huiuliza benki iliyotoa kadi kama inakubali. Benki ikikubali, mtandao huunda namba mbadala inayofanana kabisa na namba ya kadi, lakini inayotumika kwenye simu hiyo peke yake. Namba hiyo huitwa tokeni. Kwenye aifoni hutunzwa ndani ya chipu maalumu. Kwenye simu nyingi za Androidi hutunzwa na programu, pamoja na funguo za muda ambazo simu huzipata upya kupitia intaneti. Ukiwa na simu na saa ya mkononi, kila kimoja kina tokeni yake. Ndiyo maana tarakimu nne za mwisho kwenye risiti zinaweza kutofautiana na zile za kadi ya plastiki. Jijini London, abiria anayegusisha kadi asubuhi na simu jioni huhesabiwa na mfumo wa nauli kama watu wawili, akakosa nafuu ya kikomo cha nauli cha siku.

Jibu la benki ndilo linaloamua mambo. Wenyewe walio kwenye kazi hii hulitaja kwa rangi. Kijani maana yake benki imeridhika, na tokeni inaanza kazi papo hapo. Nyekundu ni kukataa moja kwa moja, labda kwa kuwa kadi imefungwa au ni ya aina ambayo benki haijairuhusu kwenye simu. Rangi inayochanganya watu ni ya katikati, njano. Hapo benki inasema: kadi naifahamu, lakini sina hakika kwamba aliyeshika simu ni mwenyewe. Tokeni inaundwa na kuwekwa kwenye simu, ila inaachwa imelala mpaka mwenye kadi athibitishe. Picha ya kadi huonekana kama kawaida, na juu yake aifoni huandika maneno madogo, Verification Required, ambayo ni rahisi kuyapita bila kuyasoma.

Tuchukue mfano wa muuguzi mzaliwa wa Tanga anayefanya kazi London. Alibadilisha kampuni ya simu na kupata namba mpya, lakini benki haikuarifiwa. Anapoongeza kadi, simu inamwambia achague njia ya kuthibitisha: ujumbe mfupi kwa namba inayoishia na tarakimu fulani, au kupiga simu benki. Anagusa ya kwanza bila kuzitazama zile tarakimu. Msimbo unakwenda kwenye namba ya zamani. Anasubiri, hauji, anafunga programu. Picha ya kadi imebaki, naye anaona mambo yamekwisha.

Kesho yake malipo yanagoma. Anafanya ambalo karibu kila mtu angelifanya, anaifuta kadi na kuiingiza tena. Kila anaporudia, ombi jipya linafika benki, na msimbo unakwenda kulekule. Mfumo wa benki wa kuzuia wizi nao unaona kadi moja ikiombewa simu mara kadhaa kwa muda mfupi bila mtu kuthibitisha, na hiyo ni dalili inayofanana mno na mwizi anayejaribu bahati. Njano inaweza kugeuka nyekundu. Kwa maoni yangu, ushauri wa "futa uanze upya" unaotolewa haraka haraka ndio unaowachelewesha watu kuliko yote.

Njia ya mkato ni kujua malipo yalikwama wapi kabla ya kugusa chochote. Fungua programu ya benki utazame kama kuna muamala uliokataliwa saa ileile uliyokuwa dukani. Kama hakuna hata dalili yake, yaelekea ombi halikufika benki, na shida iko kwenye simu au kwenye tokeni ambayo haijaamshwa. Huyu muuguzi hakuona kitu. Dawa yake ilikuwa kupiga namba iliyoandikwa nyuma ya kadi, kubadilisha namba ya simu, kisha kuomba kadi iliyowekwa kwenye simu yake ithibitishwe. Mhudumu huweza kuona kwamba kadi hiyo imeombewa kifaa kipya na kwamba inangoja, na akisharidhika na majibu yake anaiamsha. Baadhi ya benki huweka muda wa kungoja baada ya kubadilisha namba, kwa hiyo haishangazi akiambiwa arudi kesho.

Wenye Androidi wana mtego mmoja zaidi. Kadi iliyohifadhiwa kwenye akaunti ya Google kwa ununuzi wa mtandaoni inaweza kuonekana bila kuwa na tokeni ya kugusisha, mpaka mwenyewe amalize hatua ya kuiandaa. Vilevile NFC iwe imewashwa, na programu hiyo iwe ndiyo iliyochaguliwa kulipia.

Hali ya pili ni tofauti. Simu inatoa mlio, alama ya vema inaonekana, kisha mashine inasema malipo yamekataliwa. Watu hugombana na wauza duka kwa sababu ya alama ile. Maana yake ni kwamba simu imekabidhi tokeni pamoja na msimbo wa kutumika mara moja, basi. Safari inaanzia hapo: ombi linakwenda kwa mtandao wa kadi, mtandao unaibadilisha tokeni kuwa namba halisi, na benki inaamua. Huenda kadi mpya ya plastiki haijaamilishwa, au malipo ya kugusisha yamezimwa kwenye mipangilio ya programu ya benki, au salio halitoshi. Huenda pia kadi ilibadilishwa baada ya kupotea na tokeni bado inaelekezwa kwenye ile ya zamani. Hapo tu, tena baada ya benki kuthibitisha hivyo, ndipo kufuta na kuongeza upya kunapokuwa na maana.

Usumbufu wa rangi ya njano una historia. Apple Pay ilianza Marekani Oktoba 2014, na mapema 2015 ikabainika kwamba wezi walikuwa wakiingiza kadi zilizoibwa kwenye simu zao kwa kuwa uthibitisho wa baadhi ya benki ulikuwa mwepesi. Tokeni zenyewe hazikuvunjwa. Mlango wa kuingilia ndio uliokuwa wazi. Sasa wezi huutafuta ule msimbo. Wanakutumia ujumbe wa kifurushi kilichokwama au faini ndogo, unajaza namba ya kadi, halafu ukurasa unakuomba msimbo uliotumiwa na benki. Ujumbe wa benki kwa kawaida hueleza kazi ya msimbo huo. Ukisoma kwamba ni wa kuongeza kadi kwenye simu, na wewe huongezi kadi popote, piga simu benki uulize vifaa vilivyounganishwa na kadi yako, na kile usichokitambua kiondolewe.