Mdomo Unasema Hivi, Chaki Inasema Vile

Fungua tasnifu ya uzamili iliyotokana na mahojiano na walimu, uende moja kwa moja kwenye sura ya nne. Mara nyingi utakuta vichwa vitatu: changamoto wanazokutana nazo walimu, mbinu wanazotumia, na maoni yao kuhusu nini kifanyike. Kisha geuza kurasa hadi kwenye viambatisho usome mwongozo wa mahojiano. Maswali ni yale yale matatu. Walimu waliongea saa nzima nzima, mtafiti akakesha akinukuu kinasa sauti, lakini hakuna walichosema kilichogeuza hata kichwa kimoja. Majibu yalirudishwa kwenye mafungu aliyokuja nayo kutoka nyumbani.

Hatua iliyorukwa hapo ni usimbaji. Msimbo ni jina fupi ambalo mtafiti hukipa kipande cha matini kueleza kinachotendeka ndani yake. Barney Glaser na Anselm Strauss waliuweka utaratibu huu wazi mwaka 1967, na baadaye Strauss akishirikiana na Juliet Corbin akaugawa katika hatua. Hatua ya kwanza ni usimbaji huria, ambapo unasoma mstari kwa mstari bila orodha iliyoandaliwa. Baada ya hapo misimbo hukusanywa kuwa kategoria, na ndipo wengi hukwama, kwa sababu vitabu hueleza hatua hizo mbili vizuri lakini hupita haraka njia iliyo kati yake.

Tuipite njia hiyo kwa mfano mmoja. Katika shule za serikali Tanzania, mtoto husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha anapoingia Kidato cha Kwanza masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Tuseme swali la utafiti ni hili: mwalimu wa sayansi hufanya nini darasa lisipomwelewa? Maneno ya walimu yatakayofuata nimeyatunga kwa ajili ya zoezi hili, ila aliyewahi kukaa ofisi ya walimu hatayaona mageni. Mwalimu wa baiolojia ameulizwa anafanyaje darasa likinyamaza:

"Aa, kwanza narudia kwa Kiingereza, polepole. (Anacheka.) Wananitazama tu. Basi nachungulia mlangoni, kama mkuu hapiti, nawaambia kwa Kiswahili. Hapo mikono inanyooka. Lakini ubaoni siandiki Kiswahili hata kidogo, maana madaftari yanakaguliwa, na mtihani utakuja kwa Kiingereza. Yaani mdomo unasema hivi, chaki inasema vile. Sasa wale wa mbele, waliotoka ingilishi midiamu, wananikodolea macho kama vile nawachelewesha."

Msimbaji mvivu ataandika pembeni "changamoto ya lugha", apige mstari aya nzima, aendelee. Msimbo huo si wa uongo, ila hauna kazi, kwa kuwa utaifaa kila aya ya kila mwalimu. Msimbaji mwenye haraka ya aina nyingine ataandika "hofu ya mkuu wa shule". Huyu ameruka mbali zaidi. Mwalimu hakusema anaogopa, alisema anachungulia. Huenda anaogopa, huenda amezoea tu, huenda wana maelewano na mkuu kwamba yasionekane. Mwanzoni shika alichosema.

Njia salama ni kuanza msimbo na kitenzi, ili ubaki kwenye tendo. Aya ile inatoa kama minane: kurudia polepole kwa Kiingereza, kusoma ukimya wa darasa, kuchungulia kabla ya kubadili lugha, kuona mikono ikinyooka, kuweka ubao katika Kiingereza, kuutazamia mtihani, kuhisi macho ya wanaojua Kiingereza. Wa nane ni maneno yake mwenyewe, "mdomo unasema hivi, chaki inasema vile". Maneno ya mhojiwa huachwa yalivyo yanapobeba wazo kuliko jina lolote ambalo mtafiti angelibuni.

Angalia pia namna ya kusema. "Huwa nafanya", "juzi nilifanya" na "mwalimu anatakiwa kufanya" ni ushahidi wa ngazi tatu tofauti. Wa kwanza ni mazoea kama anavyoyakumbuka, wa pili ni tukio, wa tatu ni kanuni, na pengine yeye mwenyewe haifuati. Walimu, kwa kuwa kazi yao ni kueleza mambo yanavyopaswa kuwa, huingia kwenye "anatakiwa" bila kujijua. Ukiwapa wote msimbo mmoja, mwishoni utaandika kwamba walimu hufanya jambo ambalo wamesema tu kwamba ni jema. Mimi huweka alama ndogo pembeni kutofautisha, iwe ninatumia NVivo au penseli.

Sasa mwalimu wa pili, wa fizikia, shule nyingine:

"Mimi sijifichi. Mkuu mwenyewe anafundisha hivyo hivyo. Ila siku wakaguzi wanakuja, wanafunzi wenyewe wanajua: leo Kiingereza tupu. Wanakaa kimya, wanaitikia yesi tu."

Usiisimbe aya hii peke yake. Iweke kando ya ile ya kwanza uulize: kipi kinafanana, kipi kinatofautiana? Ulinganishi huu usiokoma ndio unaozaa kategoria. Mwalimu wa kwanza anachungulia mkuu, wa pili hajali mkuu kabisa. Ungekuwa umeandika "hofu ya mkuu", mwalimu wa pili angekuwa kinyume cha wa kwanza na hadithi ingeishia hapo. Lakini kwa kuwa uliandika "kuchungulia", unaona kwamba wote wawili wanafanya jambo moja: kabla ya kuchagua lugha, wanaangalia nani yupo. Tofauti ni nani huyo na anakuja mara ngapi. Kwa mmoja ni mkuu, na swali linajirudia kila kipindi. Kwa mwingine ni mkaguzi, na linaibuka siku chache kwa mwaka.

Hapo ndipo kategoria ya kwanza inapozaliwa. Nitaiita "kupima nani anaona". Kinachoifanya iwe kategoria, badala ya msimbo uliovimba, ni kwamba ina sifa zinazoweza kupanda na kushuka: anayeona ni nani, huja mara ngapi, anaona nini kati ya sauti na maandishi, na nani anashiriki kuficha. Sifa ya mwisho imeletwa na mwalimu wa fizikia pekee, kwa kuwa kwake wanafunzi wenyewe ni washirika. Sasa ni lazima urudi kwa mwalimu wa baiolojia uone kama kuna dalili yake. Hakuna, na hilo linaandikwa.

Kategoria ya pili inakusanya ubao, daftari, mtihani na ule msemo wa mdomo na chaki. Kwa mara ya kwanza naiita "kugawa kazi kati ya lugha": Kiswahili kwa kuelewa, Kiingereza kwa kuandika. Jina zuri, na linanipendeza, jambo ambalo katika kazi hii ni sababu ya kulitilia shaka. Mwalimu wa tatu, wa hesabu, analivunja:

"Hesabu haina lugha. Mimi naongea Kiingereza, lakini maneno yale yale machache: simplify, find x, what is the next step. Asiyenielewa anafuata mkono wangu."

Huyu habadili lugha hata kidogo, na hajifichi. Mtafiti mwenye tarehe ya kukabidhi atasema hahusiki, amwache. Lakini mhojiwa anayepingana na kategoria ndiye anayeipima. Naye amelikabili darasa lisiloelewa; amepunguza Kiingereza kiwe kidogo kiasi kwamba maana inapita kwenye alama na mkono badala ya maneno. Kwa hiyo jambo linalowaunganisha watatu si kugawa lugha. Ni kuamua maana ipite wapi: mdomoni kwa Kiswahili, kwenye alama za ubaoni, au, siku ya mkaguzi, isipite popote na kipindi kiishe salama. Kategoria inabadilishwa jina kuwa "kuchagua njia ya maana", na ile ya zamani inakuwa sehemu yake. Misimbo yote iliyokuwa chini yake inasomwa upya, matini mkononi, kwa kuwa jina jipya likibandikwa juu ya misimbo ya zamani bila kurudi kwenye maneno ya walimu, kilichobadilika ni lebo tu.

Mabadiliko ya namna hii yasiachwe kichwani. Andika dokezo siku hiyo hiyo, aya moja tu: kategoria ilikuwaje, nani kaivunja, nimebadilisha nini, bado sielewi nini. Kando yake weka ingizo kwenye kitabu cha misimbo. Kwa "kuchungulia kabla ya kubadili lugha" ningeandika hivi: tumia pale mwalimu anapoeleza kuangalia aliye karibu kabla ya kutumia Kiswahili; usitumie pale anapotaja sheria au sera bila kutaja mtu anayeweza kumwona. Sentensi ya pili ina faida kuliko ya kwanza. Bila mpaka, msimbo hunenepa wiki baada ya wiki hadi unameza jirani zake.

Mpe pia mwenzako mahojiano mawili ayasimbe peke yake kwa kitabu hicho. Wapo wanaokokotoa kiwango cha kuafikiana kwa kipimo cha Cohen kiitwacho kapa, na wapo, kama Virginia Braun na Victoria Clarke, wanaoona kwamba katika uchambuzi unaotegemea tafsiri ya mtafiti namba hiyo haithibitishi mengi. Ugomvi huo nawaachia. Ninachokitaka kwa mwenzangu ni mahali tulipoachana. Kama yeye ameweka ule mstari wa wanafunzi wa mbele chini ya "kupima nani anaona", ana hoja: nao ni macho. Lakini mwalimu hawafichi kitu. Anasema nao Kiswahili wakimtazama. Kinachoonekana ni uchungu wa kuchelewesha baadhi ili kuwafikisha wengine, nalo ni jambo jingine. Msimbo huo unabaki peke yake, bila kategoria, hadi atokee mwalimu mwingine wa kuulinganisha naye.

Kuna tahadhari moja ambayo majina bandia hayaimalizi. Katika sekondari nyingi za kata mwalimu wa fizikia ni mmoja. Ukiandika "mwalimu wa fizikia, shule ya kata, wilaya fulani", umemtaja, hasa ukiweka na maneno yake kuhusu mkuu. Katika ripoti mara nyingi inatosha kusema "mwalimu wa sayansi", na wilaya ibaki kwenye faili lako.

Na yote haya ni maneno ya walimu kuhusu vipindi vyao. Si vipindi vyenyewe. Mikono ilinyooka kweli, au ndivyo anavyopenda kukumbuka? Mahojiano hayawezi kujibu. Yanachoweza ni kukuelekeza: baada ya walimu watatu, mwongozo wa mahojiano hauna budi kubadilika. Swali la changamoto linaondoka. Linaingia hili, kwa mwalimu wa nne, ikiwezekana wa kemia, shule yenye wanafunzi mchanganyiko: "Mara ya mwisho ulipoeleza kitu kwa Kiswahili darasani, nani alikuwa anakutazama?"